Nilimwita Mpangaji, Akaniita Mwenye Nyumba

Katika klabu yetu ya sataranji kuna mtu mmoja ambaye nikipangiwa kucheza naye kesho, leo silali vizuri. Uwezo wetu unakaribiana mno. Akinishinda raundi hii, inayofuata namshinda, na nyingi zaidi zinaisha sare. Mimi napenda kushambulia, yeye anapenda kujihami, kwa hiyo kila tukikaa mezani watu huvuta viti waje kutazama. Klabuni anaitwa Mpangaji, jina nililompa mimi. Mimi naitwa Mwenye Nyumba, jina alilonipa yeye.

Majina haya mawili yamedumu na bado yanatuchekesha. Hata hivyo kipo kipindi yalipotaka kutuvunjia urafiki, na chanzo hakikuwa mchezo. Nimeona pia kwingine jina la utani likianza kwa kicheko na kuishia kwa mtu kuacha kabisa kuja kucheza. Ndiyo maana nimeamua kueleza yetu yalivyozaliwa, yalivyoyumba na yalivyosimama tena. Mwenyewe nimemsomea haya yote kabla sijayatoa, na amekubali, mradi nisitaje jina lake halisi.

Jina lilitokana na mechi moja ya ligi yetu ya ndani. Mchezo ulikuwa mrefu, kete nyingi zilikuwa zimeshatoka. Mimi, niliyekuwa na nyeupe, nilibaki na mfalme, askofu anayetembea kwenye vyumba vyeupe, na vitunda viwili vilivyokuwa bega kwa bega, kimoja mstari wa g na kingine mstari wa h. Yeye alibaki na mfalme na farasi tu. Kwa hesabu ya kawaida huo ni ushindi. Vitunda viwili vinavyosindikizwa na mfalme na askofu hufika, na kimoja kikifika mwisho kinakuwa malkia.

Mpinzani wangu alitazama ubao kwa muda mrefu, halafu akamchukua farasi wake na kukila kitunda changu cha g, akijua wazi kwamba nitamla farasi huyo. Nikamla. Waliokuwa wakitazama wakadhani amekata tamaa na anataka kumaliza haraka. Alikuwa amefanya hesabu ambayo kila anayependa kujihami anapaswa kuijua. Kitunda changu kilichobaki kilikuwa cha h, na kitunda cha h cha nyeupe hugeuka malkia kwenye chumba cha h8. Chumba hicho ni cheusi. Askofu wangu alikuwa wa vyumba vyeupe, kwa hiyo hata tungecheza mpaka asubuhi asingeweza kukigusa. Mfalme wake akiwahi kuingia kona ile, hakuna wa kumtoa.

Akaingia. Tukafika hapa: mfalme wangu f6, askofu d3, kitunda h5, na mfalme wake g8. Nikasukuma kitunda mpaka h6, naye akasogea h8. Sasa fikiria ningefanya nini. Nikimleta mfalme wangu f7, nimeziba g8 na g7, na askofu kutoka d3 ameziba h7. Mfalme wake hana pa kwenda, lakini pia hajashambuliwa, wala hana kete nyingine ya kusogeza. Huo ni mkwamo, na kwa sheria mkwamo ni sare. Nikimhamisha askofu aizibe g8, yeye anatoka h7 kupumua kidogo kisha anarudi. Nikisukuma kitunda mpaka h7 mfalme wangu akiwa f6, mkwamo tena. Nilizunguka, nikarudi nyuma, nikajaribu kumsubiri, lakini mfalme wake alikuwa akihama kati ya g8 na h8 kama mtu anayetoka sebuleni kwenda chumbani. Ipo sheria kwamba zikipita hatua 50 za kila upande bila kitunda kusogezwa wala kete kuliwa, mchezaji anaweza kudai sare. Hatukufika huko. Nilimpa mkono.

Tulipokwisha kusaini karatasi za mchezo, nikawageukia waliokuwa wametuzunguka nikasema: "Jamani, huyu si mchezaji, huyu ni mpangaji. Nimempa notisi, nimekata maji, nimekata umeme, hatoki!" Ukumbi ukaangua kicheko. Na yeye, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi yake, akajibu: "Mwenye nyumba, chumba cha pembeni nimeshakilipia. Ukitaka nihame, kalete askofu wa rangi ya pili."

Hapo kicheko kikawa kikubwa kuliko cha kwanza. Ukiniuliza majina yale yalipata wapi nguvu ya kudumu, nitakuonyesha jibu lile. Angecheka tu na kunyamaza, mimi ndiye ningekuwa mtaniaji naye mtaniwa, na siku zote mmoja angekuwa juu. Lakini alinirudishia papo hapo, tena kwa jibu lililokuwa na ujuzi ndani yake, maana kweli askofu wa vyumba vyeusi angemtoa. Tukawa sawa. Tangu siku ile, kila nikimwita Mpangaji ananiuliza kama nimekuja kudai kodi. Nikimshinda, husema nyumba imeuzwa bila yeye kuambiwa.

Kuna jambo jingine nililolielewa baadaye, nilipoanza kulinganisha majina yaliyodumu na yaliyokufa. Jina la Mpangaji linamtaja kwa kitu alichokifanya kwa makusudi na kwa ustadi. Ni sifa iliyovaa nguo za utani. Wachezaji wapya wakiuliza kwa nini anaitwa hivyo, tunapanga kete nne mezani, wafalme wawili, askofu na kitunda, na kuwaonyesha. Kwetu sasa kona ile inaitwa chumba cha Mpangaji, na anayejifunza akishajua hadithi hasahau tena kwamba kitunda cha pembeni na askofu asiyelingana na chumba cha kugeukia havitoshi kushinda, mradi mfalme anayejihami awahi kona. Mtu akisikia jina lake linatumika kufundishia, hulibeba kwa furaha.

Wakubwa wa mchezo huu nao walipewa majina kwa njia hiyohiyo. José Raúl Capablanca wa Kuba, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 mpaka 1927, aliitwa Mashine ya Sataranji kwa jinsi alivyocheza bila makosa. Sergey Karjakin aliitwa Waziri wa Ulinzi, na katika pambano la ubingwa wa dunia dhidi ya Magnus Carlsen mwaka 2016 aliokoa sare katika nafasi ambazo wengi walizihesabu zimeshapotea, kabla ya kushindwa kwenye michezo ya haraka ya kuvunja sare. Majina hayo yametoka kwenye ubao, hayakutoka mwilini mwa mtu wala kwenye shida zake.

Mfano wa Mikhail Tal unanifikirisha zaidi. Alizaliwa Riga mwaka 1936, akawa bingwa wa dunia mwaka 1960, na kwa mashambulizi yake ya kustaajabisha akaitwa Mchawi wa Riga. Kule lilikuwa jina la heshima. Kijana mmoja wa klabu yetu aliyekuwa akisoma michezo ya Tal alimpenda mno, akataka kumpachika jina hilo mzee mmoja mwenzetu anayependa kutoa sadaka kete zake. Nilimvuta pembeni nikamwambia aache. Kwetu mtu mzima akiitwa mchawi mbele ya watu, hata kwa kucheka, neno halibaki ukumbini. Linamfuata mpaka nyumbani, na anayelisikia njiani hajui habari za Riga wala za Tal. Kijana alielewa. Mzee yule leo anaitwa Mkarimu, kwa sababu hutoa kete zake bila kinyongo, na analipenda jina lake. Jina la utani unalipima kwa masikio ya yule ambaye hakuwepo siku lilipozaliwa, kwa sababu mapema au baadaye atalisikia.

Lipo na lililotuumiza. Mwenzetu mmoja siku moja alimwacha malkia wake wazi katika mechi aliyokuwa akiishinda, akaliwa bure. Wakaanza kumwita Zawadi. Yeye alicheka siku ya kwanza, na wiki iliyofuata alicheka tena, kidogo. Lakini jina lile lilikuwa linambeba kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti akiwa na siku yake mbaya kuliko zote mgongoni. Kila alipotaka kufanya shambulizi la ujasiri, aliogopa kuitwa tena. Akaanza kucheza kwa woga, akashindwa zaidi, mwisho akaacha kuja. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Tofauti ya Zawadi na Mpangaji ni kwamba la kwanza lilikuwa ukumbusho wa kosa, na mtu hawezi kulirudisha kwa aliyempa. Utamjibu nini anayekuita Zawadi?

Sasa niseme habari ya saa, kwa sababu hapo ndipo utani mwingi wa sataranji huharibikia. Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, zinakataza kumsumbua au kumkera mpinzani kwa namna yoyote ile, na watazamaji nao haziwaruhusu kuingilia mchezo. Mchezaji aliyemaliza mchezo wake huhesabiwa mtazamaji. Watu wengi wa klabuni wanayajua haya lakini wanadhani utani wa marafiki haumo. Umo.

Tulialika klabu nyingine kwa mechi ya kirafiki. Mpangaji alikuwa na nafasi ngumu lakini ya kujihami vizuri, saa yake imebakiza dakika chache, mpinzani wake ni mgeni asiyemjua. Mmoja wetu aliyekuwa amemaliza mchezo wake mapema alikuja kusimama nyuma ya kiti, akanong'ona akicheka: "Kodi, kodi, kodi." Alikuwa anamtia moyo. Mpangaji aligeuza shingo kidogo, na mkono uliokuwa ukienda kwenye ngome ukatua juu ya mfalme. Sheria ya kugusa haina huruma: kete uliyoigusa kwa nia ya kuisogeza lazima uisogeze kama kuna pa kuipeleka. Yeye ni mtu wa haki, hakuanza kudai kwamba mkono uliteleza. Akamsogeza mfalme, ukuta ukafunguka, akapoteza mchezo. Mwamuzi alimtoa yule mnong'onezi ukumbini, lakini nusu alama iliyokuwa mkononi ilikuwa imeshakwenda, na mgeni aliondoka akidhani sisi tunapeana ishara.

Jioni ile mimi na Mpangaji tulikubaliana jambo moja, na wenzetu wakalifuata. Tukishapeana mikono kuanza mchezo, majina yanalala. Yanaamka karatasi zikishasainiwa. Katikati hapo hakuna Mpangaji wala Mwenye Nyumba, kuna nyeupe na nyeusi. Na kama mtu anakutania wakati saa yako inatembea, usijibizane naye, maana ukimjibu na wewe unamsumbua mpinzani wako. Sheria inakuruhusu kusimamisha saa ili umwite mwamuzi. Mwamuzi anaweza kuonya, na kama msumbufu ni mpinzani wako, anaweza hata kukuongezea wewe muda. Watu huona aibu kufanya hivyo kwa rafiki. Mimi nasema ukifanya mapema, kwa upole, urafiki unabaki. Ukikaa na kinyongo mpaka mchezo uishe, ndipo maneno mabaya yanapotoka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri kwa muda mrefu, mpaka nilipoanza kuona kitu ambacho mwanzoni sikukielewa.

Majibu yake yalianza kuchelewa. Nilikuwa nikimkuta mlangoni namwambia, "Mpangaji, leo lete kodi," naye badala ya kurudisha kombora anasema, "Haya," anapita. Siku nyingine alicheka, lakini alicheka wengine walipokuwa wameshamaliza kucheka, kama mtu anayelipa deni. Hakuniita tena Mwenye Nyumba. Mezani alikuwa anacheza haraka kuliko kawaida yake, nafasi za kujihami anaziachia, kana kwamba anataka kumaliza aondoke. Mtu mwingine angesema amechoka na mchezo. Mimi niliyekuwa nimecheza naye miaka nilijua anavyokuwa akichoka, na hivi sivyo.

Nilimsubiri nje, peke yetu, nikamuuliza, "Kaka, kuna jambo? Nikikutania siku hizi naona kama nakuumiza." Alikaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Jina hilo liache kwanza. Nyumbani nimepewa notisi ya kweli. Mwenye nyumba anataka chumba chake, watoto wako shule, sijapata pengine. Nikija huku kupumzisha kichwa, mlangoni naulizwa kodi."

Nilihisi tumbo limenishuka. Sikuwa na habari, na yeye alikuwa amevumilia kwa sababu hakutaka kuharibu furaha ya watu. Jina lilikuwa lilelile, ukumbi uleule, kicheko kilekile. Kilichobadilika ni maisha yake huko nje, na maisha ya mtu hayatangazwi klabuni. Hakuna jina salama moja kwa moja. Hata jina zuri kabisa linaweza kukutana njiani na jambo ambalo hukulijua, na siku hiyo linageuka.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka watu wakichukue zaidi. Kwanza sikumwomba radhi kwa maneno marefu, kwa sababu niliona yangemlazimu aanze kunituliza mimi. Nilimwambia, "Limelala. Ukitaka liamke, utaliamsha mwenyewe." Pili, sikumweleza mtu sababu. Siku iliyofuata niliingia nikamwita kwa jina lake halisi mbele ya wote, nikampangia ubao kama kawaida. Wenzangu wakashangaa. Wawili watatu waliokuwa wakipenda kulitumia jina niliwafuata mmoja mmoja nikawaambia kwamba nimelichoka mimi, tulipumzishe. Nililibeba mimi ili swali lisimwendee yeye.

Gharama yake ilikuwepo. Kwa kuwa hatukueleza, watu wakadhani tumegombana. Mmoja alikuja kunisuluhisha kwa nia njema kabisa, akaniambia mechi iliyopita isituharibie udugu. Nilimshukuru nikanyamaza. Meza yetu ikapoa, viti havikuvutwa tena. Kusema kweli niliumia, kwa sababu utani ule ulikuwa sehemu kubwa ya kilichonifanya niipende siku ya klabu. Lakini kila nilipotamani kumwambia mtu ukweli ili nionekane sina ugomvi naye, nilikumbuka kwamba habari ile si yangu.

Pia nilijizuia nisimpe jina jipya. Rafiki mmoja alipendekeza tumwite Mlinzi, halina neno la nyumba wala kodi. Nia ilikuwa nzuri, lakini mtu aliye katika shida hahitaji klabu nzima imtafutie jina la kumliwaza. Alihitaji mtu wa kucheza naye kimya, na hilo tulimpa.

Miezi ikapita. Akapata nyumba nyingine, hilo nililijua kwa sababu aliniomba nisaidie kubeba vitu. Hata siku ile ya kuhama, tukiwa tumebeba kabati ngazi kwa ngazi, ulimi uliniwasha nikaunyamazisha. Nilikuwa nimesema ataliamsha mwenyewe.

Aliliamsha mezani. Tulicheza mchezo wa ngome kwa ngome, mimi nikiwa na kitunda kimoja zaidi. Aliiweka ngome yake kwenye safu ya tatu kutoka upande wake, ile inayomzuia mfalme mshambuliaji asivuke, na mfalme wake akasimama mbele ya kitunda changu. Ni ulinzi unaojulikana kwa jina la Philidor, Mfaransa wa karne ya 18. Siri yake ni kutoiondoa ngome kwenye safu ile mpaka kitunda chenyewe kikanyage hapo. Kikishakanyaga, mfalme mshambuliaji hana tena pa kujificha mbele yake, na ngome inakimbilia upande wa pili wa ubao kumpigia shaha kutoka nyuma. Alifanya hivyo hatua kwa hatua, bila haraka, kama zamani. Sare. Tukasaini. Akainua uso akasema kwa sauti ya kusikika meza zote: "Mwenye Nyumba, nimehamia nyumba kubwa zaidi. Hii ina safu nzima."

Nilijua ameruhusu. Nikamjibu kwamba kwa nyumba hiyo kodi imepanda. Viti vikavutwa.

Tangu hapo tumekuwa waangalifu zaidi na lugha inayozunguka jina. Mpangaji analipenda jina, lakini neno notisi tumeliacha kabisa, hata kwa mzaha, kwa kuwa yeye mwenyewe halitaji na mimi nimeona halitaji. Kumsikiliza mtu anavyojitania mwenyewe ndiko kunakokuonyesha mipaka yake. Maneno anayoyachagua yeye ndiyo unayoweza kuyatumia. Anayoyaruka, nawe yaruke.

Watoto wanaokuja kujifunza hatuwaruhusu kumwita hivyo. Wanamwamkia shikamoo na kumwita mwalimu, kwa sababu ndiye anayewafundisha namna ya kumaliza mchezo, na jina tunalotaniana sisi tuliolingana likiwa mdomoni mwa mtoto wa miaka kumi linakuwa kukosa adabu. Wakati fulani mtoto mmoja aliyelisikia alisema, "Shikamoo mwalimu Mpangaji," na yeye alicheka mpaka machozi, lakini alimsahihisha papo hapo kwa upole. Kwenye ubao wa matokeo na kwenye karatasi za mchezo tunaandika majina halisi, bila kuongeza la utani kwenye mabano. Karatasi inaweza kufika kwa mwamuzi wa mashindano, kwa mwajiri, kwa mke wa mtu, na huko haiendi na kicheko chetu.

Wageni nao hatuwaelezi mpaka mechi iishe. Mgeni akisikia watu wawili wanaitana Mwenye Nyumba na Mpangaji kabla ya kucheza, anajiona yuko nje ya mzaha ambao kila mtu anaujua isipokuwa yeye. Baada ya mchezo, Mpangaji mwenyewe ndiye humkalisha, akapanga wafalme wawili, askofu wa vyumba vyeupe na kitunda cha h, akampa upande wa nyeupe na kumwambia ajaribu kumtoa. Wengi hujaribu kwa bidii, na yeye huhama g8 na h8, h8 na g8, akiwasubiri wagundue wenyewe.

Jirani yetu wa meza, yule kijana aliyempenda Tal, sasa anaanza kutusumbua sote kwa mashambulizi yake, na watu wanamtafutia jina. Yamependekezwa mengi na bado hatujakubali hata moja. Mpangaji anasema tusubiri mpaka afanye kitu mezani kitakachojiita chenyewe, na awe na jibu la kuturudishia.